Ufito ulioinama kwenye shafti: kukokotoa tensa ya inesha na kuzielewa namba za nje ya ulalo

Chukua nondo ya milimita 10, ikate kipande cha mita moja, kisha kichomelee kwenye shafti katikati kabisa ya urefu wake. Ukikichomelea mraba, yaani kwa nyuzi 90 na shafti, kitazunguka kwa utulivu. Ukikichomelea kimeinama, shafti itaanza kutikisika mara tu mwendo unapoongezeka. Cha ajabu ni kwamba uzito uko sawa pande zote mbili. Ukiilaza shafti juu ya kingo mbili laini na kuigeuza kwa mkono, itatulia popote utakapoiacha, kwa hiyo kipimo cha kawaida cha usawa kitakwambia mambo ni shwari.

Kasoro hiyo imejificha katika namba moja ya tensa ya inesha, ile inayoandikwa I_xz. Hapa tutaitafuta hatua kwa hatua, tuipe thamani, halafu tuone inazidai beringi kani kiasi gani. Nachukulia kwamba unajua integrali ya s², unajua vekta, na umeshakutana na momenti ya inesha ya ufito kuuzunguka mhimili unaopita katikati yake, mL²/12.

Hatua ya 1: Weka mihimili kabla ya kushika kalamu

Makosa mengi katika hesabu hii huanzia hapa. Weka asili ya mihimili katikati ya ufito, pale unapokutana na shafti. Mhimili wa z uwe shafti yenyewe. Mhimili wa x uchague ili ufito wote ulale katika bapa la x na z, na y ibaki ikichoma bapa hilo kwa nyuzi 90. Mihimili hii imegandishwa kwenye ufito na inazunguka nao. Tutaona baadaye kwa nini uchaguzi huo unatupunguzia kazi.

Pembe θ ni ile iliyo kati ya ufito na shafti. Hapa kuna mtego, kwa sababu fundi atakwambia ufito "umeinama nyuzi 2" akimaanisha umekosa mraba kwa nyuzi 2, na kwetu hiyo ni θ ya nyuzi 88. Amua mapema unapima kutoka wapi, uandike pembeni ya mchoro.

Nukta yoyote ya ufito iko umbali s kutoka katikati, na s inaanzia −L/2 hadi +L/2. Basi:

```
x = s sin θ
y = 0
z = s cos θ
```

Tungamo m limesambaa sawasawa, kwa hiyo kipande kidogo cha urefu ds kina tungamo dm = (m/L) ds.

Hatua ya 2: Andika tensa yenyewe

Tensa ya inesha ni matriksi ya 3 kwa 3. Namba tatu za kwenye ulalo ni momenti za inesha ulizozizoea, kila moja ikijumlisha mraba wa umbali kutoka kwenye mhimili wake:

```
I_xx = ∫ (y² + z²) dm
I_yy = ∫ (x² + z²) dm
I_zz = ∫ (x² + y²) dm
```

Namba za nje ya ulalo hazijumlishi umbali. Zinajumlisha zao la kuratibu mbili, na mbele yake kuna alama ya kutoa:

```
I_xy = −∫ x y dm
I_xz = −∫ x z dm
I_yz = −∫ y z dm
```

Matriksi ni linganifu, yaani I_zx ni sawa na I_xz, kwa hiyo kati ya namba tisa ni sita tu za kutafuta.

Ile alama ya kutoa imewasumbua wengi. Baadhi ya vitabu huita ∫ x z dm bila alama "zao la inesha", halafu huweka alama ya kutoa ndani ya matriksi. Vingine, kama nilivyofanya hapa, huiweka ndani ya maana ya I_xz yenyewe. Programu za kuchora mashine nazo hutofautiana, na baadhi zinakuruhusu kuchagua. Ukichanganya taratibu hizi mbili, momenta ya mzunguko itaelekea upande usio wake na uzani wa kusawazisha utauweka mahali pa kuongeza tatizo badala ya kuliondoa. Kabla ya kuiamini programu yoyote, chora ndani yake ufito mmoja ulioinama kuelekea pembe ambako x na z zote ni chanya. Ikikupa I_xz hasi, inatumia utaratibu wa mwongozo huu. Ikikupa chanya, inatumia ule mwingine.

Hatua ya 3: Integrali moja inatosha

Hapa ndipo ufito mwembamba unapopendeza. Kwa kuwa y ni sifuri kila mahali, I_xy na I_yz zinakufa papo hapo. Zilizobaki zote zina s² ndani yake, na pembe haibadiliki unapotembea juu ya ufito, kwa hiyo sin θ na cos θ zinatoka nje ya integrali. Kinachobaki ni kitu kimoja tu:

```
C = ∫ s² dm = (m/L) ∫ s² ds   (kutoka −L/2 hadi L/2)
  = m L² / 12
```

Nimeiita C ili tusiibebe sehemu hiyo kila mara. Sasa badilisha:

```
I_xx = C cos²θ
I_yy = C
I_zz = C sin²θ
I_xz = −C sin θ cos θ
I_xy = I_yz = 0
```

Ukiipanga kama matriksi:

```
      |  cos²θ        0    −sin θ cos θ |
I = C |  0            1     0           |
      | −sin θ cos θ  0     sin²θ       |
```

Angalia kwa nini I_xz haijifuti, ingawa ufito una nusu mbili zinazofanana. Nusu ya juu ina x chanya na z chanya, na zao lake ni chanya. Nusu ya chini ina x hasi na z hasi, na zao lake ni chanya vilevile. Nusu hizo hufutana unapotafuta kitovu cha tungamo, maana pale unajumlisha x peke yake. Kwenye I_xz zinaongezeana. Ndiyo sababu kingo za kupimia usawa hazikuona kitu: zinapima jumla ya x dm, hazipimi jumla ya xz dm.

Hatua ya 4: Hakiki kabla ya kuendelea

Kuna vipimo vitatu vya haraka, na mimi huvifanya hata pale ninapokuwa na uhakika.

Cha kwanza, jumlisha namba za ulalo. Cos² na sin² zinajumlika kuwa 1, kwa hiyo jumla ni 2C, pembe yoyote iwayo. Jumla hiyo haitegemei namna ulivyoigeuza mihimili, na kwa ufito lazima ibaki 2C siku zote.

Cha pili, jaribu pembe za mwisho. Kwa θ = 0 ufito umelala ndani ya shafti, na I_zz inakuwa sifuri, sawa na tunavyotarajia kwa ufito usio na unene. Kwa θ = 90 unapata I_zz = C, ile fomula ya kitabuni. Katika hali zote mbili I_xz ni sifuri.

Cha tatu ndicho chenye makali zaidi. Zidisha matriksi kwa vekta inayoelekea kwenye urefu wa ufito, n = (sin θ, 0, cos θ). Safu ya kwanza inatoa cos²θ sin θ − sin θ cos θ cos θ, yaani sifuri, na safu ya tatu vivyo hivyo. Jibu lazima liwe sifuri, kwa sababu ufito mwembamba ukizunguka kuufuata urefu wake haubebi momenta yoyote ya mzunguko. Ukikosea alama ya I_xz, kipimo hiki kitakukamata. Vile viwili vya kwanza vitakupitisha tu.

Kipimo hicho cha tatu kinatupa pia njia fupi ya kuandika tensa kwa ufito ulioelekea popote, hata nje ya bapa la x na z: I = C(1 − n nᵀ), ambapo 1 ni matriksi kitambulisho. Tutaitumia kwenye kompyuta.

Hatua ya 5: Weka namba

Nondo ya milimita 10 ina tungamo la takriban kilo 0.617 kwa mita. Nitachukua m = 0.6 na L = 1 ili hesabu iwe safi:

```
C = 0.6 × 1² / 12 = 0.05 kg·m²
```

Tuseme θ ni nyuzi 60. Sin²θ ni 0.75, cos²θ ni 0.25, na sin θ cos θ ni 0.433. Basi:

```
        |  0.0125    0       −0.02165 |
I   =   |  0         0.0500   0       |   kg·m²
        | −0.02165   0        0.0375  |
```

Namba ya pembeni, 0.02165, si ya kupuuzwa. Ni kubwa kuliko I_xx, na ni zaidi ya nusu ya I_zz. Ukikadiria inesha ya shafti kwa I_zz peke yake, utapata jibu sahihi la nishati ya kuzungusha, lakini swali la beringi litakupita kabisa.

Hatua ya 6: Tafuta momenta ya mzunguko, uone inaelekea wapi

Momenta ya mzunguko nitaiita H, maana L tumeshaitumia kwa urefu. Kanuni ni H = I ω. Shafti inazunguka kuufuata z peke yake, kwa hiyo ω = (0, 0, ω), na zidisho linachukua safu wima ya mwisho tu ya matriksi:

```
H_x = I_xz ω = −C ω sin θ cos θ
H_y = 0
H_z = I_zz ω =  C ω sin²θ
```

Hapa ndipo I_xz inapofichua maana yake. Inajibu swali hili: ukizungusha kitu kuufuata z, ni momenta kiasi gani itakayojitokeza kwenye x bila kualikwa? Ikiwa sifuri, momenta na mzunguko vinaelekea upande mmoja. Isipokuwa sifuri, vinaachana.

Chukua mizunguko 300 kwa dakika, sawa na radiani 31.4 kwa sekunde. H_z inakuwa 1.18 na H_x inakuwa −0.68, kwa vipimo vya kg·m²/s. Ukubwa wa H ni 1.36, na imeegemea nyuzi 30 kutoka kwenye shafti. Pembe hiyo haikutokea kwa bahati: 30 ni 90 kutoa 60. H inasimama mraba juu ya ufito wenyewe, upande wa pili wa shafti kutoka pale ufito ulikoelekea.

Unaweza kuliona hilo bila matriksi yoyote. Gawa ω katika sehemu mbili, moja ikiufuata ufito na nyingine ikiwa mraba nao. Ile inayoufuata ufito, ω cos θ, haizalishi momenta, kama kipimo cha tatu kilivyoonyesha. Ile ya mraba, ω sin θ, inakutana na inesha C, na momenta yake ni C ω sin θ: 0.05 × 31.4 × 0.866, yaani 1.36. Napenda njia hii kwa sababu inaonyesha kwamba namba za nje ya ulalo si mali ya kudumu ya ufito. Zilizaliwa pale tulipoilazimisha mihimili ifuate shafti. Geuza mihimili ifuate ufito na tensa inabaki na ulalo tu: C, C na 0. Mihimili ya namna hiyo huitwa mihimili mikuu, na Johann Andreas Segner alionyesha mwaka 1755 kwamba kila mwili mgumu, hata uwe na umbo la ovyo kiasi gani, unayo.

Kwa hiyo unapoona I_xz isiyo sifuri, isome hivi: mhimili wa kuzungukia si mhimili mkuu wa mwili huu. Shafti inaulazimisha ufito kuzunguka kwa namna ambayo ungekuwa huru usingezunguka. Shafti ikiachia ghafla, mwendo wa kuzunguka kuufuata z haubaki. Ufito utazunguka kuufuata uelekeo wa H, kwa kasi ya H/C, radiani 27.2 kwa sekunde, karibu mizunguko 260 kwa dakika.

Hatua ya 7: Tafuta torki, uigeuze kuwa kani ya beringi

H imeegemea upande mmoja na imefungamana na ufito. Ufito unapozunguka, H nayo inazunguka ikichora koni kuizunguka shafti. Ukubwa wake haubadiliki, lakini uelekeo unabadilika kila wakati, na vekta ya momenta haibadiliki bila torki, yaani nguvu ya kusokota itokayo nje. Kwa mzunguko wa kasi isiyobadilika:

```
τ = ω × H
τ_y = ω H_x = −C ω² sin θ cos θ = I_xz ω²
```

Torki yote iko kwenye y, mraba na bapa la ufito na shafti. Hapo utaona faida ya kuigandisha mihimili kwenye ufito: ndani yake I haibadiliki na wakati. Ukitumia mihimili iliyotulia ukutani, I_xz na I_yz zitapanda na kushuka mara moja kwa kila mzunguko, na utalazimika kutafuta mnyambuliko wa tensa nzima. Jibu ni lilelile, jasho ni zaidi.

Kwa namba zetu, ω² ni takriban 987, na 0.02165 × 987 inatoa niutoni mita 21.4. Nani anaitoa torki hiyo? Beringi mbili zilizoishika shafti. Zikiwa umbali wa sentimita 20, kila moja inasukuma kwa 21.4 / 0.2, yaani niutoni 107, moja kuelekea huku na nyingine kuelekea kule. Linganisha na uzito wa ufito wenyewe, ambao haufiki niutoni 6. Kani hiyo inazunguka pamoja na shafti, kwa hiyo ukuta wa beringi unapigwa mara 5 kwa sekunde kutoka pande zote kwa zamu.

Alama hasi ya τ_y nayo inasomeka. Ukikaa ndani ya fremu inayozunguka, kila kipande cha ufito kinahisi kutupwa nje. Nusu ya juu inavutwa kuelekea x chanya, nusu ya chini kuelekea x hasi, na kwa pamoja zinajaribu kuulaza ufito uwe mraba na shafti. Beringi zinausokota kinyume ili ubaki na pembe yake. Ukiisahau alama, fikiria hivyo: ufito unaozunguka hutaka kulala.

Kuna mambo mawili katika fomula ya torki ambayo fundi anayahitaji kuliko mwanafunzi. La kwanza ni ω². Kutoka mizunguko 300 kwenda 600, kani kwa kila beringi inakuwa niutoni 428. La pili ni kwamba sin θ cos θ ni nusu ya sin 2θ. Inafika kilele kwenye nyuzi 45, lakini karibu na nyuzi 90 inashuka kwa mstari, haianguki ghafla. Ufito uliokosa mraba kwa nyuzi 2 tu una sin θ cos θ ya 0.0349 na I_xz ya −0.00174. Inaonekana kidogo. Uzungushe kwa mizunguko 3000 kwa dakika na torki inakuwa niutoni mita 172, kiasi cha niutoni 860 kwa kila beringi. Kwa mwendo huo, ncha ya nondo ingekuwa inakimbia zaidi ya mita 150 kwa sekunde, kwa hiyo ichukue kama hesabu, usiijaribu karakanani.

Dalili za tatizo hili kwenye mashine halisi ziko wazi ukizijua. Mtikisiko unatokea mara moja kwa kila mzunguko na unakua kwa mraba wa mwendo. Lakini hata kitovu cha tungamo kilichohama kinafanya vivyo hivyo. Kinachotofautisha ni kulinganisha beringi mbili: kitovu kikihama, zote zinasukumwa upande mmoja kwa wakati mmoja, I_xz ikiwa ndiyo chanzo, moja inasukumwa kushoto wakati nyingine inasukumwa kulia. Mara nyingi utakuta vyote viwili vimechanganyika.

Kuhakiki kwa kompyuta

Mistari michache ya Python yenye maktaba ya numpy inarudia kazi yote kwa fomula fupi ya hatua ya 4:

```python
import numpy as np

m, L = 0.6, 1.0
q = np.radians(60)
n = np.array([np.sin(q), 0, np.cos(q)])
C = m * L**2 / 12
I = C * (np.eye(3) - np.outer(n, n))

w = np.array([0, 0, 2 * np.pi * 300 / 60])
H = I @ w
print(I)
print(H)
print(np.cross(w, H))
print(np.linalg.eigvalsh(I))
```

Mstari wa mwisho unatoa momenti kuu za inesha. Unapaswa kuona 0, 0.05 na 0.05, ingawa ile sifuri inaweza kuchapishwa kama namba ndogo mno yenye e-18 mwishoni. Huo ni mviringisho wa kompyuta tu. Ukibadilisha 60 kuwa pembe nyingine, namba hizo tatu hazisogei. Zikisogea, kuna mahali alama au pembe imekosewa.

Ufito ukiwa na unene, au ukishikwa mwishoni

Nondo si mstari wa hisabati. Kwa mcheduara wenye nusu kipenyo r, sehemu inayozidisha sin θ cos θ si mL²/12 tena bali tofauti ya inesha mbili kuu, mL²/12 − mr²/4. Kwa nondo yetu r ni milimita 5, na sahihisho linatoka karibu 0.000004 dhidi ya 0.05, kwa hiyo liache. Ila fomula hiyo inasema jambo la kuvutia: mcheduara mfupi ambao L yake ni r mara mzizi wa 3 una tofauti ya sifuri. Uuinamishe utakavyo, I_xz haitokei.

Ukiuchomelea ufito kwenye shafti kwa ncha yake badala ya katikati, integrali ya hatua ya 3 inaanzia 0 hadi L na C inakuwa mL²/3. Matriksi inabaki na sura ileile. Lakini sasa kitovu cha tungamo nacho kimetoka nje ya shafti, na beringi zinabeba kani ya ziada ya m ω² (L/2) sin θ ambayo haimo kwenye torki ya I_xz. Zihesabu kando.

Kulifuta I_xz bila kuunyoosha ufito

Tuseme pembe ya nyuzi 60 inatakiwa na kazi yenyewe, labda ufito ni mkono wa kuchanganyia, na huwezi kuunyoosha. Utaongeza tungamo mbili ndogo, kila moja μ, katika zile pembe mbili ambako ufito haupo: moja kwenye x = −a, z = +b, na nyingine kwenye x = +a, z = −b. Zikiwa mbili zinazotazamana, kitovu cha tungamo kinabaki kwenye shafti. Mchango wao katika I_xz ni

```
−[(−a)(b) + (a)(−b)] μ = +2 a b μ
```

Kwa a = 0.4 na b = 0.2, tunahitaji 2 × 0.4 × 0.2 × μ = 0.02165, na μ inatoka 0.135, yaani gramu 135 kila upande. Ukizisogeza karibu, kwa mfano a = 0.2 na b = 0.1, utahitaji gramu 541, maana a na b zinazidishana na kuzipunguza zote kwa nusu kunakugharimu mara nne.

Zao linahesabika, si umbali peke yake. Tungamo lililowekwa mbali sana na shafti lakini kwenye usawa wa z = 0 halifuti chochote, hata liwe zito kiasi gani. Hilo ndilo kosa la kawaida la anayejaribu kusawazisha kwa kuongeza uzito katikati ya shafti peke yake. Ni lazima uzito ukae kwenye bapa mbili tofauti, moja juu na moja chini. Mashine za kusawazisha magurudumu ya gari nazo hukuelekeza ubandike risasi ukingo wa ndani na ukingo wa nje kwa sababu hiyohiyo.

Usawazisho huo una bei yake. I_zz ilikuwa 0.0375, tungamo mbili zinaiongezea 2 × 0.135 × 0.4², yaani 0.0432, na inafika 0.081. Mota itachukua zaidi ya mara mbili ya muda kufikisha shafti ileile kwenye mwendo uleule kwa torki ileile ya kuwashia. Mikono ya chuma unayoshikilia tungamo hizo nayo ina inesha yake, na ikiwa imeinama ina I_xz yake ya kuongeza kwenye jumla kabla hujakata gramu 135.